Andikeni kazi inaishia wapi

KAZI NA HAKI
Na Rehema Mshana

Ugomvi kati ya anayefanya kazi za kujitegemea na mteja wake mara nyingi hauanzii kwenye bei. Bei hukubaliwa mapema, tena kwa furaha. Ugomvi huja baadaye, mteja anapoandika, "Dada, hapo badilisha kidogo tu," na ujumbe wa namna hiyo umeshakuwa wa saba. Dada anaona ananyonywa. Mteja anaona ametoa pesa yake na bado hajapata anachokitaka. Wote wawili wana hoja, kwa sababu hawakuandika popote kazi inaishia wapi.

Kwa kazi ndogo, mkataba wa kurasa mbili ulioandikwa kwa Kiswahili cha kawaida unatosha, na mwenye kazi anaweza kuuandika mwenyewe. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura 345, inayatambua hata makubaliano ya mdomo, ilimradi wahusika wana sifa za kuingia mkataba, wameridhiana kwa hiari, kuna malipo halali na jambo lenyewe ni halali. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 nayo inatambua mikataba inayofungwa kwa njia ya kielektroniki. Kwa hiyo wengi tayari wana mikataba. Wanachokosa ni maandishi ya kuonyesha walikubaliana nini.

Tuchukue mfano. Mbunifu wa Sinza anapewa oda na mfanyabiashara wa Kariakoo anayeuza asali ya Tabora. Mama huyo anataka nembo na lebo ya chupa. Wamekubaliana shilingi 600,000.

Wengi wangeandika "kutengeneza nembo na lebo" wakaishia hapo. Sentensi hiyo haimlindi yeyote. Mbunifu aandike vitu vinavyohesabika: nembo moja, itakayochaguliwa kati ya michoro mitatu ya mwanzo, lebo moja ya chupa ya gramu 500, mbele na nyuma, na mafaili yatakayokabidhiwa, yaani la kuchapishia na la kuweka mtandaoni. Kisha aandike yasiyokuwamo: kupiga picha za bidhaa, gharama za uchapaji, kutafuta msimbo wa mistari, na kufuatilia taratibu za TBS. Hayo ndiyo mteja hudhani yamo ndani ya bei, na hana kosa kudhani hivyo kama hakuambiwa.

Hapo hapo yaandikwe ya upande wa mteja. Maneno yote ya lebo, uzito, anwani na tarehe ya mwisho ya matumizi, atayaleta yeye, yakiwa yamehakikiwa. Siku 14 za kazi zianze kuhesabiwa siku maneno hayo yatakapofika pamoja na malipo ya awali, si siku ya kusaini. Bila kifungu hiki, mteja anaweza kukaa na maneno wiki mbili, halafu lawama ya kuchelewa ikamwangukia mbunifu.

Sasa tufike kwenye marekebisho, ambako mikataba mingi midogo huvuja. Kuandika "marekebisho mawili" hakutoshi, maana mteja atauliza: mawili yapi? Ujumbe mmoja wenye mambo tisa ni rekebisho moja au tisa? Mimi ningeandika hivi:

"Bei hii inajumuisha awamu mbili za marekebisho. Awamu moja ni orodha moja ya maoni, itakayotumwa kwa maandishi na mtu mmoja aliyeteuliwa na mteja. Kurekebisha ni kubadili rangi, ukubwa, mpangilio au maneno katika mchoro uliokwisha kuchaguliwa. Kuanza mchoro mpya, au kuongeza bidhaa au ukubwa mwingine wa chupa, ni kazi mpya yenye bei yake. Kila awamu ya ziada ni shilingi 50,000, na itaanza baada ya kulipwa. Kosa la mbunifu litasahihishwa bure wakati wowote."

Maneno "mtu mmoja" yana kazi kubwa. Mama wa asali akipenda kijani, mumewe akataka njano na mtoto wao akapendekeza nyeusi, hayo wayamalize nyumbani kwanza. Sentensi ya mwisho nayo ni haki ya mteja: ikiwa maneno aliyoleta yalisema gramu 500 na mbunifu akaandika 50, hiyo haihesabiki kuwa awamu. Lakini mteja akiamua kuuza pia chupa za gramu 250, hiyo ni lebo nyingine, hata kama kwa macho inafanana na ya kwanza.

Kuna tatizo la pili ambalo watu hawaliandiki: mteja anayenyamaza. Kazi imetumwa, ujumbe umesomwa, jibu hakuna, na nusu ya pesa imelala huko. Weka muda: "Mteja asipotoa maoni ndani ya siku saba tangu kupokea kazi, kazi itahesabiwa imekubaliwa na malipo yaliyobaki yatadaiwa." Tena mkumbushe kwa ujumbe siku ya tano, usimvizie. Kifungu hiki ni cha kumfanya ajibu, na ukikitumia kwa hila utampoteza.

Kuhusu malipo, napendekeza nusu kabla ya kuanza, yaani 300,000, na nusu baada ya mteja kukubali sampuli yenye alama ya maji, kabla ya kukabidhiwa mafaili ya mwisho. Wapo wanaotegemea faini ya kuchelewa kulipa. Faini iwepo ukitaka, ila shilingi 300,000 ukizidai mahakamani zitakula siku zako na nauli yako. Mpangilio wa nani anatoa nini kwanza unakulinda zaidi, kwa kuwa haukulazimishi kumshtaki mtu. Ongeza kwamba haki ya kutumia nembo inahamia kwa mteja akishamaliza kulipa, ili asiichapishe kutoka kwenye sampuli. Na mteja akisitisha kazi katikati, malipo ya awali hayarudi. Mbunifu akishindwa kuleta kazi, ayarudishe yote.

Jambo moja la kodi limewashtua wengi. Mteja akiwa kampuni, anaweza kukata kodi ya zuio, ambayo kwa mtoa huduma mkazi wa Tanzania ni asilimia 5. Katika 600,000, hiyo ni 30,000, na mkononi zitafika 570,000. Hujaibiwa, mradi unapewa cheti cha zuio cha kuonyesha TRA. Mkataba useme kama bei ni kabla au baada ya makato, na kwamba cheti kitatolewa.

Wengine husita kumpa mteja karatasi wakihofia ataona haaminiki. Soma vifungu hivi upya uone vingapi vinamlinda yeye: idadi ya michoro, tarehe, makosa kusahihishwa bure, pesa kurudi kazi isipofika. Msomee kwa sauti kabla hajasaini, kila mmoja abaki na nakala, na kama hamwonani, mtumie na umwombe ajibu kwa maandishi kwamba amesoma na amekubali.

Baada ya hapo, mkataba unalindwa na siku ya kwanza unapojaribiwa. Orodha ya tatu ya maoni ikifika, usiifanye kimyakimya ukitarajia shukrani, wala usinune. Jibu siku hiyo hiyo: "Mama, nimeipokea. Awamu zetu mbili zimekwisha, hii ni ya ziada kwa shilingi 50,000 kama tulivyoandika. Nianze?" Ukifanya moja bure bila kusema neno, atakuwa na haki ya kutarajia ya nne. Ukitaka kumpa zawadi, mpe, lakini mwandikie kwamba ni zawadi na kwamba inayofuata italipiwa.