Lita iliyojazwa ikiwa moto

SOKONI NA JIKONI
Na Mwanahawa Rajabu

Ukiingia Singida kwa basi utayaona kabla hujafika stendi: mafuta ya alizeti kwenye chupa, yamepangwa juu ya meza kando ya barabara, yanameta juani. Wiki iliyopita nilinunua chupa moja. Kibandiko kilikuwa na picha ya ua la alizeti na maneno "Mafuta Safi ya Asili, Lita 1". Basi, hakuna zaidi.

Nyumbani niliipima kwenye mizani, nikamimina mafuta, nikapima chupa tupu. Mafuta peke yake yalikuwa gramu 850. Lita ya mafuta ya alizeti ina gramu 920 hivi, kwa kuwa mafuta ni mepesi kuliko maji. Kwa hiyo nilipata mililita 924. Zilizopungua ni vijiko vitano vikubwa, na kwa mama anayekaangia watoto hicho ni chakula cha siku nzima.

Sitaki kumwita muuzaji mwizi. Mafuta hutoka kwenye mashine ya kukamulia yakiwa ya moto, na mafuta ya moto huvimba. Ukijaza lita kamili yakiwa na nyuzi 60, yakipoa hadi 25 yamepungua kama mililita 25 bila mkono wa mtu. Nyingine zilipotea kwa kukadiria: chupa ilikuwa ya maji ya kunywa, haina alama, ikajazwa hadi begani.

Dawa yake ni kuyaacha yapoe na kutulia kwenye pipa lenye kifuniko, ndipo yapimwe kwa jagi lenye alama. Kutulia huko kunayasafisha pia. Unga wa mashudu unazama chini, nao ukibaki huongeza unyevu na kuyachachisha mafuta mapema. Igeuze chupa taratibu mbele ya mwanga: kikipanda kiwingu kutoka kwenye kitako, hayakutulia wala kuchujwa vizuri.

Chupa yangu ilikuwa na kiwingu. Ilikuwa pia na tone la maji kwenye kitako, kwa sababu ilisuuzwa na kujazwa kabla haijakauka. Nilipoweka kijiko kimoja cha mafuta hayo kwenye kikaango kikavu cha moto, yakaanza kuruka na kupasuka. Mafuta makavu hutulia kimya. Na lile jua la mezani, linaloyafanya yapendeze, ndilo linaloyaharibu harufu.

Ningependa kibandiko kiseme hivi: "Mafuta ya alizeti, mililita 1,000, yamepimwa yakiwa yamepoa. Yamekamuliwa kwa mashine tarehe fulani, yametulia siku tatu, yamechujwa kwa kitambaa mara mbili. Chupa mpya, kavu. Weka mbali na jua." Picha ya ua inaweza kubaki, ila iwe ndogo.