*ASILIMIA 3 SI SADAKA*



Tangu juzi kundi hili linabishana kuhusu ajira za watu wenye ulemavu. Wengine wamesema, "Ajira ni sifa, si huruma." Tunakubali. Sheria nayo inasema hivyohivyo.

Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe si chini ya asilimia 3 ni watu wenye ulemavu. Anayelindwa ni mwombaji aliyetimiza sifa za chini za nafasi husika. Asiye na cheti kinachohitajika hapiti. Sasa sifa imeuawa wapi?

Inauawa kwenye tangazo la kazi. Chukueni mfano wa hoteli huku mlimani yenye wafanyakazi 40, inayotafuta karani wa hesabu. Inataka stashahada ya uhasibu na uzoefu wa miaka 2. Ni haki. Kisha inaongeza "leseni ya udereva" na "awe mkakamavu". Binti anayetembea kwa magongo, mwenye stashahada na uzoefu, ameshatupwa nje kabla daftari halijafunguliwa. Karani huyo ataendesha gari kwenda wapi? Ukifuta masharti hayo mawili, hesabu zinafungwa vilevile.

Lakini tuseme ukweli wote. Kazi ya mpagazi wa kupanda Kilimanjaro inadai miguu na mapafu, na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamruhusu mwajiri kuzingatia hitaji la msingi la kazi yenyewe. Kipimo ni kimoja: ukiondoa sharti hili, kazi itakwama? Ikikwama, sharti libaki. Isipokwama, huo ni ubaguzi uliovaa koti la sifa.

Na hesabu ni nyepesi. Asilimia 3 ya watu 40 ni 1.2. Mtu mmoja ni asilimia 2.5, hajafikisha. Wanatakiwa wawili. Mwajiri anayejisifu kuwa "yupo mmoja, anapokea simu" bado anadaiwa.

Tunawaambia wanachama wenye shule, maduka makubwa na mashamba ya kahawa: hesabuni watu wenu wiki hii, kisha someni upya matangazo yenu. Hatuwezi kuwasema wengine jukwaani huku vitabu vyetu vina deni.

Na aliyekataliwa kwa ulemavu wake asikae kimya. Sheria ya 2004 inamlinda hata mwombaji wa kazi. Atunze tangazo, barua ya maombi na jibu alilopewa, apeleke lalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60. Akionesha dalili za ubaguzi, ni mwajiri atakayepaswa kujieleza. Anayehitaji msaada wa kujaza fomu aje ofisi ya tawi.

Katibu wa Tawi
Kwa niaba ya Kamati, Moshi