Mafuta Kabla ya Kupausha Nywele: Kinga au Matumaini ya Bure?

Juma hili nimeombwa kuingia katika shauri la nywele. Jirani yangu hapa Nchelenge, mke wa konstebo, alikuwa na arusi ya kaka yake mbeleni, naye alitamani kwenda akiwa na nywele za rangi ya dhahabu. Alikwisha nunua unga wa kupaushia na chupa ya haidrojeni peroksaidi katika soko la Kashikishi. Mama yake mdogo wa Kilwa, ile iliyo ng'ambo ya ziwa upande wa Kongo na siyo Kilwa ya pwani, alimwambia: "Mwanangu, zipake mawese mpaka zilowe, dawa haitakudhuru." Msusi wake akamwambia vivyo hivyo, ila yeye alitaka mafuta ya nazi. Dada huyu akaja kuniuliza nani asikilizwe.

Shauri hili halikuzuka bure. Wanawake wengi wamezoea dawa ya kunyoosha nywele, na katika kazi hiyo ni desturi nzuri kupaka vaselini kwenye ngozi ya kichwa na ukingoni mwa nywele kabla ya kuanza, kwa kuwa dawa ile huchoma ngozi inapoigusa. Kwa hiyo mtu akiona unga wa kupaushia, mkono wake huenda moja kwa moja kwenye kopo la mafuta. Lakini pale vaselini hupakwa ili kukinga ngozi. Hakuna aliyetazamia iukinge unywele wenyewe, maana ingeuzuia usinyooke.

Tuutazame basi unywele. Umefunikwa kwa magamba madogo yaliyopandana kama ya samaki, na rangi yake imo ndani, chini ya magamba hayo. Unga wa kupaushia una chumvi za pasalfeti pamoja na magadi makali. Ukichanganywa na peroksaidi, magadi huyainua magamba, kisha dawa huingia na kuivunja rangi. Kwa bahati mbaya dawa hiyo haichagui. Inapovunja rangi huvunja pia viungo vya salfa vinavyoufanya unywele uwe imara. Rangi haiwezi kutoka pasipo dawa kuingia, na dawa haiwezi kuingia pasipo kuharibu kiasi fulani. Mafuta ambayo yangeizuia kabisa dawa yasiharibu nywele yangeizuia pia isipaushe.

Hata hivyo si haki kusema kwamba mafuta yote ni sawa na maji. Mwaka 2003 watafiti wa India, Rele na Mohile, walilinganisha mafuta ya nazi, mafuta ya alizeti na mafuta ya madini. Waliona kwamba ya nazi peke yake ndiyo yaliyopunguza upotevu wa protini katika nywele, zikiwamo zilizokwisha kupaushwa. Sababu yake ni asidi ya lauri, ambayo chembe zake ni ndogo na nyofu, hivyo hupenya hadi ndani ya unywele. Mafuta mengine hukaa zaidi juu. Lakini angalia vema walichopima: ni protini inayopotea nywele zinapooshwa na kuchanwa. Unywele uliolowa maji huvimba, na mafuta yaliyomo ndani huupunguzia kuvimba huko. Hayo ni mbali na kusema kwamba yanavilinda viungo vya salfa visivunjwe na dawa.

Nilimshauri dada tusibishane, tujaribu. Tulikata vishungi vitatu vyembamba nyuma ya sikio lake, mahali pasipoonekana, tukavifunga uzi kila kimoja. Cha kwanza tulikiacha kikavu. Cha pili tulikipaka mafuta ya nazi jioni, kikalala nayo usiku kucha. Cha tatu tulikipaka mawese. Asubuhi tulichanganya kijiko 1 cha unga na vijiko 2 vya peroksaidi ya asilimia 6, ile ambayo chupani huandikwa volyumu 20. Tulitumia bakuli la plastiki, kwani madini huiharibu dawa hii, na tulikaa nje barazani kwa sababu vumbi la unga huo huweza kuamsha pumu. Tukasubiri dakika 30.

Kishungi kikavu na kile cha nazi vilipauka karibu sawa. Cha mawese kilitoka na mabaka, huku kumepauka na kule kumebaki cheusi, maana tulikuwa tumekipaka mafuta mengi mno. Msusi anapoona mabaka ya namna hiyo huongeza dawa au muda, na hapo ndipo madhara huzidi. Tulipoviosha na kuvichana, kile cha nazi kiliachia vipande vichache kuliko vingine. Dada akatabasamu. Nikamwomba asubiri jaribio la mwisho.

Jaribio hilo ni kuuvuta unywele ukiwa umelowa. Unywele mzima hurefuka kidogo, kisha hurudi ulivyokuwa. Ulioharibika hurefuka kama unga wa maandazi, haurudi, kisha hukatika. Vishungi vyote vitatu vilirefuka kama unga wa maandazi, cha nazi pamoja navyo. Ndipo nilipomwuliza kama alipata kuzinyoosha nywele zake. Akasema ndiyo, majuma matatu yaliyopita. Jibu lilikuwa hapo. Dawa ya kunyoosha ilikwisha kuvishambulia viungo vile vile, na ya kupaushia ikaja kumaliza vilivyosalia. Mafuta yaliulainisha unywele uliokwisha kudhoofika, nasi kwa kuugusa tu tungedhani ni mzima. Kama asingeuvuta, angekwenda kupausha kichwa kizima kwa furaha.

Kwa upande wa ngozi habari ni tofauti kidogo. Vaselini ikipakwa ukingoni mwa nywele, masikioni na shingoni hufaa kweli, kwa sababu pale hatutaki dawa ifanye kazi. Ngozi ya kichwa yenyewe hukingwa vema zaidi na mafuta yake ya asili, basi usioshe nywele siku hiyo wala ya kuamkia, na usijikune. Ikiwa umefumua misuko iliyobana, au kofia ya kazi imekuchubua, ngoja vidonda vipone kabisa. Dawa ianzie kama sentimeta 1 mbali na ngozi. Mashina yaachwe hadi mwisho, kwani joto la kichwa huyapausha upesi. Na kichwa kisiwekwe chini ya mashine ya joto.

Mwasho mdogo huweza kutokea. Kuchoma ni jambo jingine: suuza mara moja kwa maji mengi ya baridi, hata kama rangi haijafika. Ikiingia machoni, suuza dakika 15 na uende zahanati. Malengelenge nayo yasitibiwe nyumbani. Hapa ndipo naliogopa kopo la mafuta kuliko mahali pengine. Nimemsikia mtu aliyekuwa akichomwa akiambiwa, "Vumilia, si tumekupaka mafuta?" Tabaka jembamba la mafuta halikai sana mbele ya magadi na vilainishi vilivyomo katika dawa hiyo.

Dada alimrudishia msusi miadi yake. Mama mdogo hakupendezwa, akasema mawese hayakupewa nafasi ya haki, nami nilimkubalia kwamba tuliyapaka kwa wingi. Arusini jirani yangu alikwenda amesukwa kwa nywele za bandia za rangi ya dhahabu, na chupa ya peroksaidi ingali imefungwa kabatini mwake, mbali na watoto. Nywele zilizonyooshwa ameanza kuzipunguza kidogo kidogo. Amesema zikiisha atakata kishungi kingine nyuma ya sikio na kuniita barazani.