Safu mbili za waliopona

Anayekusanya tafiti za dawa mseto ya malaria akiwa Njombe au Makambako, kwenye baridi na malaria haba, hushawishika kuweka safu moja tu ya “waliopona”. Hapo ndipo jedwali linapodanganya. Chukulia wagonjwa 100 wa ALu waliofuatiliwa siku 28: 15 wakarudiwa na vimelea, vinasaba vikaonyesha 12 kati yao ni maambukizi mapya. Kabla ya marekebisho waliopona ni asilimia 85. Ukiwaondoa hao 12, ni 85 kati ya 88, karibu asilimia 97. Utasema safu mbili zinachosha. Sawa, lakini bila hizo dawa ileile itaonekana dhaifu penye mbu wengi. Makala isiyotaja vinasaba iandikiwe “haikutajwa”, usikisie.