Gramu ya Nyuzinyuzi na Hesabu ya Nusu

Gramu moja ya wanga na gramu moja ya selulosi, zikichomwa katika kalorimita ya maabara, hutoa joto linalokaribiana: kilokalori 4 na ushei. Si ajabu, kwa kuwa zote mbili ni minyororo ya glukosi. Moto hauulizi glukosi hizo zimeunganishwaje, utumbo huuliza. Vimeng'enya vya binadamu hukata viungo vya wanga, lakini haviwezi kukata vile vya selulosi. Kwa hiyo nyuzinyuzi, ambazo baadhi ya vitabu vyetu vya lishe huziita makapimlo, hupita utumbo mwembamba bila kutoa hata chembe ya glukosi kwenye damu.

Hata hivyo, safari yake haiishii hapo. Katika utumbo mpana bakteria huchachua sehemu ya nyuzinyuzi na kutoa asidi za mafuta zenye mnyororo mfupi, yaani asetati, propionati na butirati, ambazo mwili huzifyonza na kuzitumia kama nishati. Lakini bakteria nao hudai ujira wao. Sehemu ya nishati hubaki katika miili yao na kutoka na kinyesi, na sehemu nyingine hupotea kama gesi. Ripoti ya mwaka 2003 ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) ilichukulia kwamba asilimia 70 ya nyuzinyuzi za vyakula vya kawaida huchachuka. Asilimia 70 ya kilokalori 4 ni 2.8, ukiondoa kinachopotea kwa bakteria na gesi, hubaki takriban 2. Ndiyo asili ya ile nusu.

Mbili hiyo, basi, ni wastani uliokubaliwa kwa ajili ya mlo mchanganyiko, wala si sifa ya kila unyuzi. Pektini ya matunda huchachuka karibu yote, ilhali pumba za ngano hupita kwa sehemu kubwa jinsi zilivyoingia. Anayenukuu kilokalori 2 kana kwamba zilipimwa ndani ya pumba anaipa namba hiyo uzito isioustahili.

Tofauti za mbinu huonekana wazi katika chakula chenye nyuzinyuzi nyingi. Chukulia gramu 100 za maharage makavu zenye protini gramu 22, mafuta gramu 1, na kabohaidreti gramu 61, ambamo gramu 15 ni nyuzinyuzi. Kwa vizidishio vya 4, 9 na 4 vilivyotokana na kazi ya Mmarekani Wilbur Atwater, kabohaidreti yote ikihesabiwa sawa, jibu ni kilokalori 341. Nyuzinyuzi zikipewa 2, jibu ni 311. Marekani huruhusu pia mbinu ya tatu, ambayo nyuzinyuzi zinazoyeyuka hupewa 2 na zisizoyeyuka hupewa sifuri; ikiwa gramu 5 tu kati ya zile 15 huyeyuka, jibu ni 291. Maharage ni yale yale, na hakuna aliyekosea kuzidisha. Ndiyo maana jedwali la vyakula lisilotaja mbinu yake halifai kulinganishwa na lingine, hata kama takwimu zake zimepimwa kwa uangalifu mkubwa.

Kwa anayehesabu kilokalori, tofauti ya 30 inaweza kuvumilika. Kwa mgonjwa wa kisukari anayepima insulini kwa gramu za kabohaidreti, suala ni zito zaidi. Lebo za Umoja wa Ulaya, chini ya Kanuni Na. 1169 ya mwaka 2011, huandika kabohaidreti bila nyuzinyuzi. Lebo za Marekani huzijumuisha. Pakiti za pande zote mbili zinaweza kukutana katika rafu moja ya duka. Mgonjwa aliyefundishwa kutoa nyuzinyuzi, akiifuata kanuni hiyo kwenye lebo ya Ulaya yenye kabohaidreti gramu 40 na nyuzinyuzi gramu 8, atahesabu 32 badala ya 40. Hapo atajidunga insulini pungufu, na sukari itapanda bila yeye kujua kisa. Mafunzo ya kliniki yasiyotaja jambo hili yana pengo.

Pakiti yenyewe mara nyingi hufichua siri. Zidisha protini na kabohaidreti kwa 4 na mafuta kwa 9, kisha jumlisha. Nishati iliyochapishwa ikizidi jumla hiyo kwa takriban mara mbili ya gramu za nyuzinyuzi, basi nyuzinyuzi zimeandikwa kando na hazipaswi kutolewa tena. Ikilingana na jumla au ikiwa pungufu, yaelekea zimo ndani ya kabohaidreti. Hesabu hii hupotoka palipo na pombe au vitamu vya jamii ya polioli, na haisaidii sana pale nyuzinyuzi zilipo gramu moja au mbili tu.