MBU HAWAKUJIFUNZA LOLOTE

Wananchi wengi wa Bwaise husema kwamba mbu wa siku hizi wamekuwa wajanja: wameizoea dawa ya vyandarua na wakaamua kujibadilisha ili wasife. Ni kweli kwamba dawa haiwaui mbu kama ilivyowaua zamani. Lakini sababu inayotolewa si ya kweli, nasi twaona kwamba asiyeijua sababu hawezi kulipata dawa lake.

Dawa itiwayo vyandaruani ni ya jamii ya pairethroidi. Hushika vijilango vidogo vilivyomo katika neva za mbu, ikavizuia visifungike. Mbu hutetemeka, huanguka na kufa. Mara chache sana, mbu huzaliwa na vijilango vyenye umbo tofauti kidogo, kwa kosa la kunakili urithi wa wazazi, na dawa haivishiki sawasawa. Mwaka 2000 wataalamu walitangaza kuigundua tofauti hiyo kwa mbu waenezao malaria wa magharibi mwa Kenya, na baadaye ilionekana Uganda pia. Mbu huyo hakuiomba tofauti hiyo. Alizaliwa nayo, kama mtoto azaliwavyo na kidole cha sita.

Na tuchukue mfano wa hesabu. Tuseme pana mbu 10,000, na kati yao 100 tu ndio sugu. Dawa inaua 90 katika kila 100 wa kawaida, lakini 30 tu katika kila 100 walio sugu. Watabaki 990 wa kawaida na 70 sugu. Hapo sugu ni takribani 7 katika kila 100. Waliobaki wakizaa hadi idadi ikarudi 10,000, kila mtoto akimfuata mzazi wake, dawa ikapita tena, sugu watakuwa 33 katika kila 100. Mara ya tatu watakuwa takribani 78. Katika maumbile halisi mwendo huwa wa polepole zaidi, kwa kuwa urithi huchanganyika kwa baba na mama. Hata hivyo, yafaa msomaji atambue jambo moja: katika hesabu yote hiyo hakuna mbu hata mmoja aliyebadilika. Kila mmoja alikufa au kuishi jinsi alivyozaliwa. Kilichobadilika ni kundi.

Hiyo ndiyo iitwayo uchaguzi wa maumbile, ambayo Charles Darwin aliieleza katika kitabu chake cha mwaka 1859. Neno uchaguzi lisitupotoshe, kwa maana hapana achaguaye. Mbu si kuruta afundishwaye kwata hata akaiweza.

Huenda mtu akauliza: twajuaje kwamba dawa yenyewe haikuwafundisha? Jibu lilipatikana katika majaribio ya nzi wa matunda yaliyotangazwa mwaka 1960. Watoto wa kila jozi ya wazazi waligawanywa mafungu mawili. Fungu moja lilitiwa katika dawa ya DDT. La pili halikuguswa kabisa. Ndugu zao wa fungu la kwanza walipostahimili dawa vizuri, wale wasioguswa ndio waliochukuliwa kuzaa kizazi kilichofuata. Baada ya vizazi kadhaa lilipatikana kundi sugu, ilhali hakuna hata mmoja katika wazazi na mababu zao aliyewahi kuionja dawa. Basi usugu ulikuwamo katika damu tangu awali. Dawa iliwafagia tu wasiokuwa nao.

Kutokana na hayo, kuongeza dawa ile ile kwa imani kwamba mbu watashindwa kuizoea ni kuwapalilia walio sugu. Kinachofaa ni kubadilisha aina ya silaha. Vyandarua vilivyogawiwa sehemu za Uganda mwaka 2017 na 2018 vilijumuisha vile vyenye piperonili butoksaidi, ambayo huzuia vimeng'enya vya mbu visiivunje dawa. Hata hivyo, navyo vyaweza kupata wapinzani wao kwa njia ile ile. Hapana budi mbu wapimwe mara kwa mara: huwekwa katika bomba lenye karatasi yenye dawa kwa saa 1, na waliokufa huhesabiwa baada ya saa 24. Wakifa pungufu ya 90 katika kila 100, kundi hilo ni sugu.

Kadhalika, kuna silaha isiyojali kijilango cha neva kina umbo gani. Dimbwi likifukiwa, na mfereji unaoelekea Lubigi ukizibuliwa, viluwiluwi vilivyo sugu na visivyo sugu hufa pamoja. Chandarua kizima kisichotoboka nacho humzuia mbu sugu asimfikie aliyelala, hata dawa yake ikiwa imekwisha nguvu. Kwa hiyo mwananchi akitupaye chandarua kwa kudhani kwamba mbu wamekishinda akili, amewapa mbu ushindi ambao wao wenyewe hawakuutafuta.