Usiku wa Juni 30 Uko Wapi?

Jirani yetu hapa Langas ni soja wa kampuni fulani mjini Eldoret. Ana daftari la shule ambamo kila jioni huandika tarehe, geti na saa aliyoingia. Asubuhi huongeza saa aliyotoka na jina la aliyempokea. Ofisini wanamcheka, eti mzee anaweka shajara.

Julai 2025 daftari lilisema zamu 29. Karatasi ya mshahara ikasema 26. Supavaiza hakubabaika: "Mzee, zamu ya tarehe 31 iliisha Agosti mosi asubuhi. Hiyo ni ya Agosti."

Ukisikia haraka inaingia akilini. Lakini ukihesabu kwa asubuhi, hesabu hivyo pande zote za mwezi. Zamu ya Juni 30 iliisha Julai mosi, kwa hivyo Julai ilipaswa kuipokea. Ukitoa moja na kupokea moja, idadi inabaki ileile. Wao walitoa tu. Na karatasi ya Juni nayo ilikuwa imepunguzwa vivyo hivyo, kwa hivyo zamu ya Juni 30 hailipwi popote. Huko si kuchanganya tarehe, bwana.

Zile mbili zingine ni Jumapili, siku zake za ofu. Riliva hakutokea, mzee akaambiwa ashikilie geti, kisha jina la riliva likaandikwa kwenye rejista ya ofisi. Ila kitabu cha OB pale getini kina mwandiko wa mzee usiku kucha, na alishapiga picha kurasa hizo kwa simu. Vijana wenzangu mnaolinda, igeni hapo: OB hubaki kwa kampuni, picha hubaki kwako.

Tuseme mshahara wa msingi ni 18,000. Agizo la mishahara ya walinzi wa kampuni linaweka wiki ya saa 52, na mshahara wa mwezi hugawanywa kwa 225 kupata wa saa moja. Hapo ni shilingi 80. Siku ya mapumziko ni mara mbili, kwa hivyo Jumapili moja ya saa 12 ni shilingi 1,920.

Na hata zamu 26 walizozikubali hazijalipwa zote. Saa 12 mara siku sita ni 72. Saa 20 zinazozidi kila wiki ni ovataimu, mara moja na nusu: 2,400 kwa wiki. Karatasi yake haina hata mstari wa ovataimu. Tumekuwa tukibishana kuhusu zamu tatu huku wizi mkubwa umekaa ndani ya kila zamu.

Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka mwajiri ndiye aweke rekodi, si soja. Leo anayeziweka ni mzee wa daftari, na anayechekwa ni yeye. Madai ya aina hii yana miaka mitatu tu, na madaftari yake ya zamani yako chini ya kitanda. Jumatatu akitoka zamu, tunayabeba hadi ofisi ya leba.